Akasema Nani? Nafsi ya Tatu ya Kiajemi na ya Kiswahili Mbele ya Kiingereza

Lugha ya Kiajemi ina kineno kifupi sana, u, ambacho husimama badala ya mwanamume na husimama vilevile badala ya mwanamke. Kitenzi kinachokifuata nacho hakiongezi habari yoyote juu ya jambo hilo. Mwajemi akisema goft, au gofta kama wapendavyo washairi wake wa kale, amesema "alisema", na aliyesema aweza kuwa baba, mama, mfalme au mjakazi. Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo, kwa kuwa "akasema" yetu ni hivyo hivyo. Kiambishi a- hakiulizi kama mtu ana ndevu au ana ushanga. Anayepata shida ni Mwingereza, kwa sababu lugha yake haimruhusu amtaje mtu wa tatu mara ya pili mpaka kwanza aamue ni mume au ni mke. Nitayaandika maneno yake kwa tahajia yetu ili yasitukatizie usomaji: hi kwa mwanamume, shi kwa mwanamke, na dhei kwa wengi.

Nasikia mara kwa mara, hata kutoka kwa watu walioifundisha lugha miaka mingi kama mimi, kwamba hili ni jambo dogo: mfasiri achague moja, aendelee na kazi. Sikubaliani na rai hiyo, na makala haya nayaandika ili nieleze kwa nini. Madai yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba panapokosekana dalili ya jinsia katika matini, uchaguzi wa hi au shi si tafsiri bali ni nyongeza, na mfasiri hana budi kuujua hivyo. La pili ni kwamba kosa hili lina tabia ya peke yake: linaponyoka katika kipimo tunachokitegemea sana cha kukagua tafsiri, nacho ni kuirudisha kazi katika lugha ilikotoka.

Tuanzie kwa Waajemi wenyewe, kwani wao wameishi na tatizo hili mbele ya macho ya ulimwengu kwa muda mrefu kuliko sisi. Hafidhi wa mji wa Shirazi, mshairi wa karne ya 14, ana ghazali za namna ya majibizano. Katika ghazali za namna hiyo, nusu ya mshororo huanza na goftam, "nikasema", na nusu ya pili huanza na gofta, "akasema". Msemaji wa kwanza analalamika kwa mapenzi. Msemaji wa pili anajibu kwa madaha. Huyo wa pili ni nani? Kiajemi hakisemi. Wafasiri wengi wa Kiingereza wa karne ya 19 walimfanya mwanamke, kwa sababu wasomaji wao walitarajia mpendwa awe mwanamke. Lakini katika desturi ya ushairi wa Kiajemi wa kale mpendwa mara nyingi ni kijana wa kiume, na zipo beti zinazotaja khat, yaani vinyweleo vya kwanza vya ndevu shavuni, na hapo hakuna ubishi. Kisha wapo wanaozisoma ghazali hizo kwa njia ya tasawufi, na kwao mpendwa ni Mungu mwenyewe. Hawa huandika hi kwa herufi kubwa. Kumbuka kwamba hati ya Kiajemi, kama hati ya Kiarabu tuliyoandikia Kiswahili zamani, haina herufi kubwa wala ndogo. Kwa hiyo mfasiri huyo ameongeza mambo mawili, jinsia na uungu, ambayo kalamu ya mshairi haikuyaandika.

Hapo ni kwa yule anayejibu. Upande wa anayesema "mimi" nao una giza lake. Katika mji huohuo na karne hiyohiyo aliishi Jahan Malik Khatun, binti wa nasaba ya watawala wa Inju, aliyeacha diwani kubwa ya mashairi. Ada ya ghazali ni mshairi kujitaja kwa lakabu katika beti ya mwisho, na lakabu yake yeye ni Jahan, maana yake "dunia". Ukilitoa neno Khatun, ambalo ni cheo cha kike, lakabu hiyo haikuambii kitu juu ya jinsia ya anayelalamika. Dick Davis, aliyemfasiri pamoja na Hafidhi katika kitabu kilichotoka mwaka 2012, ni miongoni mwa wafasiri waliomfikisha mshairi huyu kwa wasomaji wa Kiingereza kama sauti ya mwanamke. Ukisoma beti zake bila jina, unaweza kuzipitia nyingi ukidhani msemaji ni mwanamume, kwa kuwa tu umezoea washairi wawe wanaume. Mazoea ya msomaji hujaza pengo kabla hata ya mfasiri kuligusa.

Sasa turejee nyumbani. Ninaandika kutoka Isikizya, wilaya ya Uyui, kandokando ya Tabora, na ardhi hii ilikuwa moyo wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaishia Ujiji. Masimulizi ya njia hiyo yaliandikwa kwa Kiswahili mapema. Mashuhuri zaidi ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyochapishwa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo W. H. Whiteley aliifasiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Masimulizi ya namna hii husogea kwa kiambishi -ka-: akaja, akasema, akakaa, akaondoka. Mtu mwenye jina hatusumbui. Anayesumbua ni yule asiye na jina, mathalan mpagazi mmoja aliyeugua, mtu aliyetoroka usiku, au mgonjwa aliyeachwa kambini. Mfasiri akifika kwa mpagazi huyo, mkono wake unaandika hi bila yeye kuuliza.

Kwa nini tusimwachie? Kwa sababu wanahistoria wa misafara, na hasa Stephen Rockel, wameonyesha kwamba misafara ya Wanyamwezi haikuwa ya wanaume watupu. Walikuwamo wanawake waliofuatana na waume zao, waliopika, waliochukua vyombo na vyakula, na wengine waliobeba mizigo. Neno mpagazi linawatosha wote, kama vile linavyowatosha mwalimu, mganga na mkulima. Ukiandika hi katika kila tukio la mpagazi asiye na jina, unawaondoa wanawake hao njiani mmoja baada ya mwingine, na msomaji wa Kiingereza atafunga kitabu akiamini kwamba hawakuwapo. Hata hivyo, kuandika shi kwa makusudi ili kuwarudisha ni kosa la aina ileile, kwa kuwa nako ni kusema jambo ambalo shahidi hakulisema.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga ubeti mmoja wa tarbia, mizani nane kwa nane, tuupime pamoja.

Nilimwambia rafiki, jua limezama pori,
Akasema: mi sichoki, moyo wangu una ari,
Mzigo haunishuki, hata nishikwe na hari,
Akajitwika kichwani, akaongoza safari.

Hesabu kwanza mahali ambapo Kiingereza kitakudai jinsia. Mshororo wa kwanza una kiambishi -m- katika "nilimwambia", lakini rafiki ametajwa palepale, na Kiingereza kitatosheka na neno rafiki. Hapo huna deni. Mshororo wa pili una "akasema", deni la kwanza. Mshororo wa tatu ni maneno ya rafiki mwenyewe katika nafsi ya kwanza, na nafsi ya kwanza haina jinsia hata kwa Kiingereza. Mshororo wa nne una "akajitwika", deni la pili, na "kichwani", ambapo Kiingereza hakipendi kusema kichwani tu bali hudai kichwani kwa nani, nalo ni deni la tatu. "Akaongoza" inaweza kuunganishwa na kitenzi kilichotangulia bila kumtaja mtu upya. Basi ubeti wa vipande vinane una madeni matatu tu. Naanza na hesabu hii kwa sababu wafasiri wengi hudhani tatizo limeenea kila mahali, wakakata tamaa mapema, kumbe limekaa katika maneno machache yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Hatua ya pili ni kutafuta dalili. Kiswahili kinazo dalili za kweli, ingawa hazikai katika kiwakilishi. Iliyo na nguvu kuliko zote ni kitenzi cha ndoa: aliyeoa ni mume na aliyeolewa ni mke. Kiajemi nacho hutengana mahali hapohapo, kwani mwanamume husemwa zan gereft, yaani ametwaa mke, na mwanamke husemwa shouhar kard, yaani amepata mume. Maneno ya udugu nayo hufichua, na mara nyingine humfichua msemaji kuliko anayesemwa. Mtu akisema "wifi yangu", kwa matumizi ya asili ya neno hilo msemaji ni mwanamke, kwa kuwa wifi ni jina ambalo mwanamke humwita mke wa kaka yake au dada wa mumewe. Akisema "mke mwenzangu", hakuna haja ya kuuliza zaidi. Dalili moja ya aina hii katika ubeti wa kumi inatosha kuangaza beti tisa zilizotangulia, na ndiyo maana mfasiri hapaswi kuandika kiwakilishi hata kimoja kabla ya kulisoma shairi zima hadi kikomo chake.

Katika ubeti wetu, je, ipo dalili? Msomaji wa leo atashika neno "kichwani". Atasema wanawake ndio wanaobeba kichwani, kwa hiyo rafiki huyu ni mwanamke. Huu ni mtego. Katika misafara ya karne ya 19 wapagazi wanaume waliotoka pwani walizoea kubeba mizigo kichwani, na Wanyamwezi walisifika kwa kubeba begani. Neno hilo laweza kutuambia kitu juu ya asili ya mtu, na haliwezi kutuambia jinsia yake. Mitego mingine ya namna hii ni sifa za uzuri. Ua, tunda, tausi na mwezi ni majina ambayo washairi wetu huwapa wapendwa, na mazoea yetu huyaegemeza kwa wanawake. Waajemi nao humlinganisha mpendwa na mvinje au mwezi, awe wa kiume au wa kike. Mtego wa mwisho ni jina la mtunzi. Mwanamume aweza kutunga kwa sauti ya mwanamke, na mwanamke kwa sauti ya mwanamume, kwa hiyo jina lililo juu ya shairi si ushahidi juu ya anayesema ndani yake. Kwa ubeti wetu, basi, jawabu la haki ni kwamba hakuna dalili.

Panapokosekana dalili ndipo ufundi wa mfasiri unapoanza. Deni la kwanza, "akasema", ndilo jepesi kulipa. Kiingereza kinaruhusu kuacha kitenzi cha kusema na kuweka kistari tu, msemaji abadilike mbele ya macho ya msomaji. Au kinaruhusu kusema "likaja jibu", ambapo jibu ndilo kiima na mtu hatajwi. Kwa ghazali za "nikasema, akasema" njia ya kistari inafaa hasa, kwa sababu mpangilio wenyewe wa mishororo unamwonyesha msomaji nani anasema, na hahitaji kukumbushwa kila mara. Kinachopotea ni pigo la kurudiarudia, ambalo katika ghazali hizo ni kama ngoma. Mfasiri apime kama pigo hilo lina thamani kuliko ukimya wa jinsia. Mimi naona mara nyingi halina, maana pigo laweza kutengenezwa upya kwa njia nyingine, na ukimya ukishavunjwa hauna fundi wa kuuziba.

Deni la pili na la tatu yako pamoja katika "akajitwika kichwani". Njia moja ni kuufanya mzigo uwe kiima: "mzigo ukapanda kichwani, msafara ukafuata". Kwa Kiingereza sentensi ya muundo huo haimdai mtu, na kichwa hakidai mwenyewe. Lakini tazama gharama. Kiambishi -ji- katika "akajitwika" kinasema kwamba rafiki huyu hakutwikwa na mtu mwingine, alijitwika kwa nguvu zake, na hapo ndipo ilipo fahari ya ubeti. Mzigo ukipanda wenyewe, fahari imeshuka. Njia ya pili ni kurudia jina: "rafiki yangu akajitwika". Inahifadhi -ji-, nayo inapendeza ikitumika mara moja au mbili katika ubeti. Ikitumika mara tano, msomaji wa Kiingereza ataanza kuhisi anafichwa kitu. Kwa ubeti huu ningelipa deni la kwanza kwa kistari na haya mawili kwa kurudia jina, niandike kwa Kiingereza kichwa bila mwenyewe hata kama sentensi itakuwa ngumu kidogo. Ugumu mdogo wa sentensi naustahimili kuliko habari ya uongo.

Ipo njia ya tatu, ya kumgeuza mtu wa tatu awe wa pili: badala ya "akasema", kuandika "ukasema". Kiingereza hakina jinsia katika nafsi ya pili, na ghazali nyingi zenyewe huhama kutoka "yeye" hadi "wewe" na kurudi. Njia hii ni halali pale tu mshairi mwenyewe anapohamahama. Pale anapomweka mpendwa katika nafsi ya tatu mwanzo hadi mwisho, umbali huo ni sehemu ya maana. Kumsema mtu ni jambo moja na kumsemesha ni lingine, na kila aliyewahi kupenda kwa siri anaijua tofauti yake.

Najua nitaulizwa kuhusu dhei. Waingereza wamelitumia neno hilo la wengi kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14, na siku hizi vitabu vyao vya mwongozo wa uandishi vinalikubali. Wanaolipendekeza kwa tafsiri za Kiajemi na Kiswahili wana hoja, na katika nathari yenye mtu mmoja tu mbele yetu mimi mwenyewe nalikubali. Ubaya wake unaonekana mtu huyo akiwa karibu na kundi. Katika ubeti wetu rafiki yumo ndani ya msafara; ukiandika dhei wakaongoza safari, msomaji ataona kundi zima likiongoza, na ari ya mtu mmoja imegawanywa kwa watu mia. Umelipa deni la jinsia kwa kukopa deni la idadi. Kiajemi na Kiswahili vyote vinatenganisha mmoja na wengi kwa ukali, u na anha kwao, a- na wa- kwetu, kwa hiyo hasara hiyo si ndogo. Kanuni yangu ni kwamba dhei itumike pale tu ambapo hakuna wengi wa kuchanganywa naye.

Sasa nifike kwenye lile nililolitaja mwanzoni, kipimo kinachoshindwa. Sisi walimu tumefundishwa, na tumefundisha, kwamba tafsiri hukaguliwa kwa kuirudisha. Mtu wa pili asiyeijua matini ya awali huirudisha katika lugha yake ya asili, kisha tunalinganisha. Kwa makosa mengi ni kipimo kizuri. Neno lililorukwa litaonekana, wakati uliokosewa utaonekana, hata kejeli iliyopotea itaonekana. Lakini mwambie mtu arudishe "hi alisema" kwa Kiswahili, atakuandikia "alisema". Mwambie arudishe "shi alisema", atakuandikia "alisema" vilevile. Matini mbili za Kiingereza zinazosimulia visa viwili tofauti zinarudi nyumbani zikiwa neno kwa neno sawa, na mkaguzi anatia sahihi kwamba hakuna kasoro. Kiajemi kinafanya hivyohivyo. Lugha isiyobagua jinsia inayafuta makosa ya lugha inayobagua, na inayafuta kwa ukarimu wake mwenyewe.

Safari hiyo ya kufutwa tunao mfano wake katika fasihi yetu. Shaaban Robert aliwapa Waswahili Rubayati za Omar Khayyam kwa njia ya Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1859. Beti zilitoka katika lugha isiyo na hi wala shi, zikapita katika lugha iliyo navyo, zikaingia tena katika lugha isiyo navyo. Jinsia yoyote ambayo Kiingereza kiliipachika katika kiwakilishi isingeweza kuvuka kwa kiwakilishi kuingia Kiswahili. Ingevuka tu kama ingebebwa na nomino kama msichana au mvulana. Kwa upande huu mmoja Kiswahili kimekaa karibu na Kiajemi kuliko Kiingereza kilichovipatanisha, na mfasiri wa Kiswahili atakayesoma Kiajemi moja kwa moja atakuta sehemu hii ya kazi imekwisha kabla hajaanza.

Kwa kuwa kurudisha hakusaidii, ninapendekeza kipimo kingine, nacho kinahitaji penseli tu. Chukua tafsiri yako ya Kiingereza iliyokamilika. Zungushia duara kila hi, kila shi na kila kimilikishi cha jinsia. Kando ya kila duara andika neno la matini ya awali lililokupa jinsia hiyo: "aliolewa", "wifi", "babu", "khat". Duara lisilo na neno kando yake ni nyongeza yako. Kisha tazama maduara matupu kwa pamoja. Yakiwa mengi na yote ni hi, umefasiri kwa mazoea. Yakiwa ya hi katika ubeti wa pili na ya shi katika ubeti wa tano kwa mtu yuleyule, umefasiri sentensi kwa sentensi bila kumshika mhusika, na hili hutokea zaidi kazi inapogawanywa kwa watu wawili. Duara tupu lisiloepukika, kwa sababu sentensi imegoma kabisa, liachwe, ila msomaji aambiwe katika utangulizi kwamba jinsia hiyo ni ya mfasiri.

Mtu asidhani haya ni ya mashairi tu. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, kumbukumbu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza ilhali mashahidi wengi walisema Kiswahili. Shahidi akisema "alimsukuma akaanguka", Kiingereza kinadai jinsia mara tatu: ya aliyesukuma, ya aliyesukumwa, na ya aliyeanguka, ambaye kwa Kiswahili aweza kuwa yeyote kati ya hao wawili. Mwandishi akiweka hi mahali pa shi, kumbukumbu itampinga shahidi kesho yake kwa maneno ambayo hakuyatamka, na rufani husomwa kwenye kumbukumbu hiyo. Hali hiyo ingali inawakuta Waswahili wanaohojiwa kupitia wakalimani katika nchi za Kiingereza. Lakini hapo kuna nafuu ambayo mfasiri wa ushairi hana. Shahidi yu hai mbele yako, na dawa ni kumwuliza: unamsema nani? Mkalimani anayeona aibu kuuliza swali hilo anabahatisha katika haki ya mtu.

Hafidhi hatuwezi kumwuliza, wala mpagazi asiye na jina aliyelala pori la Unyamwezi. Na sina hakika kwamba Hafidhi angejibu. Huenda alikitumia kineno u kwa sababu hiyohiyo inayotufanya sisi tuifurahie a-: kwamba kila msomaji anamweka hapo mtu wake. Mashairi ya mapenzi yaliyotungwa kwa Kiswahili huimbwa harusini na bibi harusi akajiona, na bwana harusi akajiona, bila neno moja kubadilishwa. Mfasiri anayefunga mlango huo bila dalili amempunguzia shairi nusu ya wenyewe. Kwa hiyo kauli yangu kwa vijana wanaoanza kufasiri tenzi na mashairi yetu kwa Kiingereza ni hii: panapo dalili, ifuateni bila woga, hata ikiwa kinyume na mazoea, pasipo dalili, lindeni ukimya wa mshairi kwa ufundi wote mlio nao, na mkishindwa, semeni wazi kwamba hi hiyo au shi hiyo ni yenu.